Je, wajua hisa inayoyumba sana yaweza kuwa na beta ndogo?

Wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza hudhani beta hupima jinsi bei ya hisa inavyoruka. Sivyo. Beta hupima jinsi hisa inavyoyumba pamoja na soko zima.

Tuchukue kampuni mbili za kubuni. Mapato ya soko yanayumba kwa asilimia 20 kwa mwaka. Hisa ya mgodi mdogo inayumba kwa asilimia 40, lakini uwiano wake na soko ni 0.2 tu, kwa sababu bei yake hufuata zaidi habari za mgodi wenyewe. Hisa ya benki inayumba kwa asilimia 30, na uwiano wake na soko ni 0.9.

Beta ya mgodi: 0.2 × 40 ÷ 20 = 0.4
Beta ya benki: 0.9 × 30 ÷ 20 = 1.35

Mwaka 1964, Mmarekani William Sharpe alieleza kwa nini tofauti hii ina uzito. Mwenye hisa za kampuni nyingi hasumbuliwi sana na mkasa wa kampuni moja, maana hasara ya huku hufidiwa na faida ya kule. Hatari isiyokwepeka ni ile inayozikumba zote kwa pamoja, na ndiyo pekee ambayo soko huilipia. Hilo ndilo wazo la modeli iitwayo CAPM:

E(R) = Rf + β(Rm − Rf)

Rf ni riba ya dhamana za serikali, tuseme asilimia 10. Rm ni mapato yanayotarajiwa ya soko, tuseme 16. Ziada ya soko ni 6. Mgodi unapaswa kuleta 10 + 0.4 × 6, yaani asilimia 12.4. Benki inapaswa kuleta 10 + 1.35 × 6, yaani 18.1. Mgodi unaotisha ndio unaodaiwa mapato madogo zaidi!

Lakini katika masoko madogo kama la Dar es Salaam, beta yaweza kukudanganya. Kuna hisa zinazokaa siku kadhaa bila kuuzwa. Soko likipanda, bei yake hubaki ile ya mauzo ya mwisho, na hesabu huona hisa haikutikisika. Beta hutoka ndogo kuliko ilivyo kweli.

Utagundua vipi? Hesabu siku ambazo bei haikubadilika kabisa. Zikiwa nyingi, kokotoa beta upya kwa mapato ya mwezi badala ya ya siku, uzilinganishe. Ikiwa ya mwezi ni kubwa zaidi kwa mbali, inaelekea ile ya kwanza ilipunguzwa na uhaba wa mauzo, wala si utulivu wa kampuni. Basi kabla ya kuiingiza beta kwenye kanuni, uliza kwanza hisa hiyo huuzwa mara ngapi.