Busia na Malaba: Kengele mbili zinazolinda kazi ya wakala wa forodha

Katika ofisi za mawakala wa forodha zilizo kandokando ya mpaka wa Kenya na Uganda, kazi mbili zisizopatana hufanywa na mtu yuleyule kwenye meza ileile. Ya kwanza ni kuandaa tamko la forodha, na hiyo hutaka utulivu. Ya pili ni kujibu simu za madereva, wenye mizigo na maofisa, nayo haina saa maalumu. Atakayeziacha zichanganyike ataona ya pili ikiimeza ya kwanza kabla ya adhuhuri.

Yafaa kueleza kwanza kwa nini kazi ya tamko inaweza kupangiwa saa. Chini ya utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha, ulioanza kutekelezwa mwaka 2014, mzigo unaoelekea Uganda hutolewa tamko katika mfumo wa nchi unakokwenda kabla haujaondoka Mombasa. Hivyo karatasi hutangulia lori. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kiliwaweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja, na kikampunguzia wakala mizunguko ya kutoka ng'ambo hii hadi ile. Hakuna ajuaye lori litafika saa ngapi. Ankara, hata hivyo, aghalabu huwa imeshafika mezani.

Basi tuchukue mfano wa wakala wa kufikirika wa Busia, mwenye ankara ya bidhaa kumi na mbili. Kila bidhaa yapaswa kupewa nambari ya ushuru yenye tarakimu nane, thamani yake na nchi ilikotoka. Akifika kwenye bidhaa ya saba, simu inalia: dereva amekwama kwenye foleni ya Malaba, wilayani Tororo. Mazungumzo ni ya dakika nne tu, lakini akirudi hakumbuki kama bidhaa ya saba ameikagua au ameiandika tu. Akikisia, kosa halitaonekana siku hiyo. Litaonekana ofisa wa forodha atakaporudisha tamko na swali, lori likiwa tayari limesimama mpakani na mwenye mzigo akihesabu siku.

Mtafiti Sophie Leroy aliipa hali hiyo jina katika utafiti wake wa mwaka 2009: mabaki ya umakini. Alionyesha kwamba mtu anapohama kutoka kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya fikra zake hubaki nyuma, na kazi mpya huumia kwa sababu hiyo. Mwaka 2018, pamoja na Theresa Glomb, alieleza dawa iliyo rahisi kuliko mtu angetazamia. Aliyekatizwa akichukua muda mfupi kuandika alipofikia na atakaloanza nalo akirejea, mabaki hayo hupungua.

Ndiyo maana kuugawa muda kwa vipindi peke yake hakutoshi. Ratiba iliyobandikwa ukutani haimsemeshi mtu. Kila kipindi kinahitaji kengele mbili kwenye simu, moja ya kuanza na moja ya kumaliza, na kila kengele iwe na maneno yanayotaja hatua inayofuata.

Kengele iseme nini

Wakala wetu anatenga kipindi cha kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa nne, kabla mpaka haujachangamka. Kengele ya kwanza haiandikwi "kazi ya forodha", kwani hilo analijua tayari. Inaandikwa hivi: "Fungua ankara ya pampu. Anza bidhaa ya kwanza. Simu kwa karani." Hapo pana kitenzi, pana kitu cha kushika, na pana jibu la swali la nani atapokea simu. Kama hakuna karani, madereva waambiwe jana yake kwamba simu zitarudishwa saa nne.

Kengele ya pili ndiyo watu wengi huikosea. Huitega ilie saa nne kamili, na ikilia wanainuka mara moja, huku kazi ikibaki imefunguka vichwani mwao. Itegwe saa nne kasoro dakika tano, na iseme: "Acha. Andika ulipofikia. Kisha mpigie dereva wa Malaba." Dakika hizo tano si za kumalizia bidhaa moja zaidi. Ni za kuandika daftarini: "Nimekagua hadi ya saba. Ya nane ni mota. Uliza kama inauzwa na pampu au peke yake." Kesho yake, maneno hayo ndiyo yanayohamishiwa kwenye kengele ya kuanza. Ajuavyo asubuhi mapema pa kushika, hapotezi robo saa akijitafuta.

Mitego ya simu

Kuna mtego unaowahusu hasa wasemao Kiswahili. Simu huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, ilhali sisi huhesabu kuanzia alfajiri. Anayetaka kengele ya saa nane na nusu mchana, akaandika 8:30 kwa haraka, ataamshwa saa mbili na nusu. Dawa ni kuiweka simu katika mtindo wa saa ishirini na nne. Saa nane na nusu mchana itaonekana 14:30, tarakimu ambazo haziwezi kudhaniwa saa nyingine yoyote. Kuvuka mpaka, kwa upande wake, hakuharibu kitu: Kenya na Uganda zinafuata saa moja, na kengele hulia hata mtandao unapobadilika au kupotea.

Mtego mwingine ni kutumia kalenda ya simu badala ya kengele. Katika simu nyingi za kisasa, ukizima mlio kalenda nayo hunyamaza, ilhali kengele ya saa huendelea kulia. Kwa kuwa kusudi la kipindi ni kunyamazisha simu, kengele ya saa ndiyo inayofaa. Hata hivyo ijaribiwe mara moja kwanza, maana baadhi ya simu zikiwekwa katika hali ya kutosumbuliwa huweza kuizima pia.

Vipindi visizidi viwili au vitatu kwa siku. Mtu mwenye kengele kumi na mbili hujifunza kuzizima bila kusoma, na hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba mpango umekufa: kidole kinabonyeza kabla jicho halijafika kwenye maneno. Dalili ya pili huonekana daftarini. Aandike kila siku saa aliyoacha kweli. Ikiwa katika siku tano amepitiliza mara tatu, basi kipindi ni kifupi kwa kazi hiyo, na kirefushwe au ankara igawanywe.

Na siku ambayo mzigo wa matunda umezuiliwa na unaoza juani, kipindi kitavunjika tu, na ni haki kivunjike. Kosa ni kusukuma vipindi vyote mbele kwa saa moja moja hadi jioni. Afadhali kuacha saa moja wazi baada ya chakula cha mchana, isiyo na kengele, ili kipindi kilichovunjika kihamie hapo pamoja na maneno yake. Isipotumika, simu za madereva zitaijaza bila kualikwa.