Elektroni Zilizofungiwa Ndani ya Kioo

Flashi yenye picha za harusi hutupwa kwenye droo ya kabati na kusahauliwa. Haina betri na haijachomekwa popote. Miaka mitatu baadaye mtu anaikumbuka, anaichomeka kwenye kompyuta, na bibi harusi anaonekana akitabasamu vilevile. Kumbukumbu ya kawaida ya kompyuta, ile iitwayo ramu, husahau kila kitu umeme unapokatika. Flashi haisahau, kwa sababu ndani yake kuna mamilioni ya elektroni zilizofungiwa mahali pasipo na mlango.

Mahali hapo paliwazwa mwaka 1967 katika maabara za Bell nchini Marekani na wahandisi wawili, Dawon Kahng, mzaliwa wa Korea, na Simon Sze, mzaliwa wa China. Walianza na transista ya kawaida. Transista ni swichi ndogo iliyochongwa kwenye silikoni: ina njia ya kupitisha umeme, na juu ya njia hiyo kuna lango. Lango likipewa volti za kutosha, njia hufunguka na umeme hupita. Volti zikiondolewa, njia hufunga.

Kahng na Sze waliongeza lango la pili katikati, kati ya lango la juu na njia ya umeme. Lango hilo halikuunganishwa na waya wowote. Limezungukwa pande zote na oksidi ya silikoni, ambayo kwa asili yake ni kioo, na kioo hakipitishi umeme. Kwa kuwa halijashikana na kitu chochote kinachopitisha umeme, liliitwa lango linaloelea. Elektroni ikiingia humo haina pa kutokea, na haihitaji umeme wowote ili ibaki.

Lakini kama hakuna mlango, iliingiaje?

Jibu limo katika wembamba wa ukuta. Kioo kilicho chini ya lango linaloelea kina unene wa takriban nanomita 10. Unywele wa mtu wenye unene wa nanomita 80,000 ungetosha kupangiwa kuta kama hizo 8,000. Wakati wa kuandika, chipu hupandisha volti zake yenyewe kutoka 3 hivi hadi karibu 20, na kuzielekeza kwenye lango la juu. Tuseme nusu yake, yaani volti 10, inaangukia ukuta ule wa nanomita 10. Hiyo ni volti moja kwa kila nanomita, sawa na volti milioni moja kwa kila milimita. Hewa ya kawaida hutoa cheche kwa volti 3,000 hivi kwa milimita.

Chini ya msukumo huo elektroni haivunji ukuta wala hairuki juu yake. Elektroni ina tabia ya wimbi, na ukuta unapovutwa na volti nyingi kiasi hicho, sehemu inayoizuia huwa nyembamba mno hata baadhi ya elektroni hujikuta zimetokea upande wa pili. Wanafizikia huliita jambo hili kupenya kwa handaki, ingawa hakuna shimo lolote linalochimbwa. Volti zikiondolewa, ukuta unarudia hali yake na elektroni zilizokwisha kuvuka zinabaki ndani. Kufuta ni kinyume chake: volti 20 huwekwa upande wa chini, na elektroni huvutwa kurudi zilikotoka.

Kusoma hakuhitaji kuzigusa elektroni hizo. Umeme wao hasi hulikinga lango la juu, hivyo transista yenye elektroni nyingi ndani huhitaji volti zaidi ili ifunguke. Chukulia kwamba seli tupu hufunguka kwa volti 1 na seli iliyojaa kwa volti 5. Chipu hupeleka volti 3 na kutazama: umeme ukipita, seli ni tupu na husomwa 1, usipopita, seli imejaa na husomwa 0. Picha nzima ya harusi ni mfuatano wa majibu ya namna hiyo.

Mwanzoni wazo hili lilikuwa gumu kutumika, hasa katika kufuta. Chipu za kwanza zilizouzwa, zilizobuniwa na Dov Frohman wa kampuni ya Intel mwaka 1971, zilikuwa na kidirisha cha kioo juu yake, na zilifutwa kwa kumulikwa kwa taa ya mionzi ya urujuanimno. Mwaka 1984 Fujio Masuoka wa Toshiba, Japani, alitangaza chipu inayofuta kundi kubwa la seli kwa mpigo mmoja wa umeme. Mwenzake, Shoji Ariizumi, aliona ufutaji huo unafanana na mwako wa taa ya kamera. Ndiyo asili ya jina flashi.

Ila kila elektroni inapopenyezwa, kioo hupata madhara kidogo. Hubaki na kasoro ndogondogo ambazo hunasa elektroni na kuzipa nyingine pa kukanyagia zinapovuja. Baada ya kuandikwa na kufutwa mara nyingi, ukuta hauwezi tena kutofautisha vizuri kati ya kujaa na kuwa tupu. Seli inayohifadhi biti moja huweza kuvumilia mara 100,000 hivi. Seli inayobanwa kuhifadhi biti tatu hulazimika kupambanua viwango vinane vya chaji badala ya viwili, na uvumilivu wake hushuka hadi maelfu machache.

Mwaka 2021 madereva nchini Marekani walilipata somo hili barabarani. Kampuni ya Tesla iliyaita tena magari takriban 135,000 ya Model S na Model X kwa sababu ya chipu ya flashi ya gigabaiti 8 iliyo nyuma ya skrini kuu. Chipu hiyo ilihimili mizunguko 3,000 ya kuandika na kufuta. Gari lilikuwa likiiandikia kumbukumbu zake bila kupumzika. Kwa mizunguko 1.4 kwa siku, 3,000 huisha baada ya siku 2,140 hivi, yaani chini ya miaka sita. Chipu ikichoka, skrini huzima, na pamoja nayo picha ya kamera ya nyuma.

Kuna pia uvujaji wa polepole hata kwa flashi isiyoguswa. Katika seli ndogo sana, chaji yote inaweza kuwa elektroni 100 tu. Ikiwa kupotea kwa 10 kunatosha kuharibu usomaji, basi ili data ikae miaka 10 seli haipaswi kupoteza zaidi ya elektroni moja kwa mwaka. Joto huharakisha upotevu huo. Kiwango cha kimataifa cha diski za aina hii kwa watumiaji wa kawaida kinadai kwamba diski iliyokwisha kutumika hadi kikomo chake ihifadhi data kwa mwaka mmodi tu bila umeme, kwenye nyuzi 30, joto ambalo mchana wa Dar es Salaam huufikia bila shida.

Kwa hiyo flashi ya harusi isiachwe kwenye dashibodi ya gari juani, na isiwe nakala pekee. Ikianza kusoma polepole kuliko zamani, au faili moja moja kukataa kufunguka, nakili vilivyobaki siku hiyohiyo kwenye kifaa kingine.