Wiki Moja ya Kudurusu Hesabu za Kutolingana

Katika mtaala wa 8-4-4 nchini Kenya, hesabu za kutolingana zimepangwa kidato cha pili na kurudi kidato cha nne katika maswali ya kutafuta faida kubwa au gharama ndogo kabisa. Anayejiandaa kwa mtihani wa KCSE afuate mpangilio huohuo kwa wiki moja.

Jumatatu na Jumanne ni za alama peke yake. Kuongeza au kutoa hakuigeuzi alama. Kuzidisha au kugawanya pande zote kwa namba hasi huigeuza: 2 < 5, lakini −2 > −5. Katika 7 − 3x < 13, kutoa 7 kunabakiza −3x < 6. Kugawanya kwa −3 kunaleta x > −2. Jibu lipimwe. Kwa x = 0, 7 < 13 ni kweli; kwa x = −3, 16 < 13 si kweli. Wengine hugeuza alama kila waonapo namba hasi popote. Kwa 3x < −6 hakuna cha kugeuza, kwani kigawanyo ni 3.

Jumatano ni zamu ya kutolingana kwa pande tatu, kama 3 − 2x < x ≤ (2x + 5)/3. Swali hili ni mawili, na ni salama zaidi kulitenganisha. Upande wa kushoto unatoa x > 1, wa kulia x ≤ 5. Namba kamili zinazofaa ni 2, 3, 4 na 5. Nambari 1 haimo, na hapo ndipo alama nyingi za mtihani hupotea.

Grafu zipewe Alhamisi na Ijumaa. Mpaka wa x + 2y ≤ 8 hupita (8, 0) na (0, 4), nao huchorwa kwa mstari usiokatika. Kwa < au > hutumika mstari wa vipandevipande. Upande unaotakiwa hujulikana kwa kujaribu (0, 0): 0 ≤ 8 ni kweli, basi kivuli hutiwa upande wa pili, usiotakiwa. Lakini mpaka wa y > x hupita (0, 0) yenyewe, kwa hiyo hujaribiwa pointi nyingine, kwa mfano (0, 1).

Jumamosi ni ya kugeuza maneno kuwa alama. Seremala anatengeneza viti x na meza y. Meza zisizidi nusu ya viti. Wengi huandika y ≥ x/2. Viti 10 na meza 6 hufichua kosa: sharti limevunjwa, ilhali 6 ≥ 5 ni kweli. Sahihi ni y ≤ x/2, pamoja na y ≥ 0, ambayo husahauliwa. Jibu bora hupatikana kwenye pembe za eneo lililobaki jeupe; pembe ikiangukia sehemu ya meza, hutafutwa pointi za namba kamili zilizo ndani ya eneo.

Jumapili hufanywa karatasi ya zamani kwa muda wa mtihani, na kila swali lililokosewa hurudiwa kwa namba tofauti.