Karatasi ya soko: tuiandike upya ili kila mama aelewe

Juma lililopita kikundi chetu hapa Bukavu kilikuwa karibu kuvunjika kwa sababu ya franka 7 000. Tulikuwa tunatayarisha chakula cha matanga. Mama mtunza feza alitoa franka 119 000, mama mwingine akashuka soko ya Kadutu na karatasi mkononi. Aliporudi alirudisha franka 3 500, lakini sukari haikuwemo. Sukari ilipangiwa franka 10 500. Basi watu wakaanza kuhesabu kwa sauti: kama hakununua sukari, mbona anarudisha 3 500 tu? Hizo 7 000 zingine ziko wapi? Yule mama alianza kulia mbele ya wageni.

Mimi niliomba karatasi. Ilikuwa hivi:

mch 10 k – 30 Vv
mah 8 kp – 16 Vv
maf 5 l – 17,5 Vv
suk 3 k – 10,5 V
M 1/2 g – 40 Vv
samb 2 kp – 7 v
sab 4 – 4 Vv
ch 2 – 1 Vv

V kubwa iliandikwa na biki ya buluu, v ndogo na kreyo. Niliketi na wale wamama wawili, tukaiandika upya kwenye karatasi safi. Nawaeleza hatua kwa hatua, kwa maana karatasi za namna hii ziko katika kila nyumba.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu mistari. Kwetu ilikuwa 8. Niliandika namba 1 mpaka 8 pembeni ya karatasi ya zamani, na namba zile zile kwenye karatasi mpya. Mtu anayenakili huku anasikiliza maneno ya watu huruka mstari bila kujua. Mwisho, kama karatasi mpya haina mistari 8, kuna kitu kimepotea.

Hatua ya pili ni kurudisha kila neno katika ukamili wake. Hapa usikisie. «M» peke yake inaweza kuwa mchele, maharagi, mafuta ao makala. Lakini mchele, maharagi na mafuta tayari vina mstari wao, na M hii imefuatwa na 1/2 g. Mtu asiyejua atasema «g» ni gramu, na hakuna anayenunua nusu gramu ya kitu kwa franka 40 000. Ni nusu gunia, basi ni makala. Ona namna kipimo kinavyosaidia kufahamu jina la kitu. «Ch» ilitushinda: chumvi ao chai? Kipimo hakikusaidia, maana vyote viwili vinauzwa kwa paketi. Nilimwuliza mama aliyeandika, akasema chumvi. Kama mwandishi hayuko karibu, nakili herufi kama zilivyo, weka alama ya kuuliza mbele yake, na umwulize kesho. Neno ulilokisia likisha kuandikwa vizuri, hakuna tena atakayelitilia mashaka.

Hatua ya tatu ni feza. Wengi wetu tunaandika 30 tukiwaza 30 000, kwa sababu sokoni zero zinachosha mkono. Na 17,5 ni 17 500. Kwenye karatasi safi andika zero zote. Tazama pia 1 na 7: wale wanaoandika 1 na mkia mrefu mbele wanaifananisha na 7. Weka kamstari katikati ya kila 7, kama tunavyowafundisha watoto shuleni.

Hatua ya ine ndiyo iliyotuokoa: kubadilisha alama kuwa maneno. Shuleni, V ni jibu la sawa. Sokoni kila mmoja anaipa maana yake. Nilimwuliza mtunza feza: V yako ya buluu ni ya nini? Akajibu: «Ni feza nimetoa.» Nilimwuliza aliyetumwa: na yako ya kreyo? «Ni kitu nimenunua.» Halafu nikamwuliza tena: ulipoona V ya buluu kwenye sukari, uliwaza nini? Akasema: «Niliona tayari kuna V, nikajua mtu mwingine ameinunua, nikapita. Vingine nilivikumbuka kichwani tangu asubui. Sambaza haikuwa na V, basi nikanunua.»

Kumbe sambaza haikuwa na V ya buluu kwa sababu memba mmoja aliahidi kuleta zake kutoka nyumbani, na kweli alizileta. Sambaza za soko na za ahadi zilimwangwa katika besani moja, na hakuna mpishi aliyejua kwamba ni mara mbili.

Basi karatasi safi ilikuwa hivi:

1. Mchele, kilo 10: franka 30 000. Feza imetolewa. Umenunuliwa.
2. Maharagi, kopo 8: franka 16 000. Feza imetolewa. Yamenunuliwa.
3. Mafuta ya mawese, lita 5: franka 17 500. Feza imetolewa. Yamenunuliwa.
4. Sukari, kilo 3: franka 10 500. Feza imetolewa. Haikununuliwa.
5. Makala, nusu gunia: franka 40 000. Feza imetolewa. Yamenunuliwa.
6. Sambaza, kopo 2: franka 7 000. Feza haikutolewa. Zimenunuliwa.
7. Sabuni, vipande 4: franka 4 000. Feza imetolewa. Zimenunuliwa.
8. Chumvi, paketi 2: franka 1 000. Feza imetolewa. Imenunuliwa.

Mistari ni 8. Jumlisha yote yenye «feza imetolewa»: 119 000, sawa na alivyosema mtunza feza. Jumlisha yote yaliyonunuliwa: 115 500. Toa: inabaki 3 500, ndiyo feza iliyorudishwa. Zile 7 000 zilikuwa ndani ya besani, pamoja na sambaza. Hakuna aliyeiba. Mtunza feza alishika mkono wa mwenzake, na mtoto akatumwa kununua sukari kilo 1 kwa ile feza iliyobaki, ili wageni wapate chai.

Lakini tusidanganyane. Karatasi safi haiwezi kuonyesha kama bei iliyoandikwa ndiyo iliyolipwa kweli. Inaonyesha tu yale watu walioandika, pasipo kuchanganya. Ndiyo sababu karatasi ya zamani haitupwi: tuliishona nyuma ya ile mpya, na wote wawili wakaweka sinyatire chini. Kama kesho mtu anasema nilinakili vibaya, atafunua nyuma na kutazama mwenyewe.

Tangu siku hiyo tumekubaliana jambo moja. Juu ya karatasi ya soko tunaandika, mbele ya kwenda, mstari wa maelezo: «F ni feza imetolewa. N ni nimenunua. A ni ahadi ya memba.» V hatuitumii tena. Siku ya posho iliyopita karatasi yetu ilirudi na mistari 11, na mtoto wa darasa la ine aliisoma yote kwa sauti bila kuuliza kitu.