Posti za Zamani Facebook: Kuzificha kwa Pamoja au Kuzifuta Mojamoja

Kila posti ya Facebook hubeba alama inayoeleza nani anaruhusiwa kuiona. Alama hiyo hukaa kando ya tarehe: mchoro wa dunia maana yake watu wote, vichwa vya watu maana yake marafiki, na kufuli maana yake mwenye akaunti peke yake. Watumiaji wengi hawajawahi kuigusa. Kwa miaka kadhaa mtu mpya aliyejiunga alikuta dunia imeshachaguliwa kwa niaba yake, na ni Mei 2014 tu ndipo kampuni ilipobadilisha utaratibu huo, wageni wakaanza na marafiki. Zaidi ya hapo, kwa miaka mingi mtandao ulikuwa ukikumbuka chaguo la mwisho. Aliyeiweka wazi posti moja ya kutafuta simu iliyopotea, asirudishe alama, aliendelea kuandikia dunia nzima wiki zilizofuata bila kujua.

Ndiyo maana akaunti iliyofunguliwa mwaka 2010 inaweza kuwa na mamia ya posti zilizo wazi ambazo mwenyewe ameshazisahau: ugomvi wa mpira, picha za sherehe, namba ya simu iliyoandikwa hadharani, matani ya chuoni. Anayetaka kuziondoa machoni pa watu ana njia mbili, na njia hizo hazifanyi kazi moja.

Ya kwanza ni kuzibana zote kwa mkupuo. Katika mipangilio ya akaunti, kwenye sehemu ya posti, kuna mstari unaosomeka "Limit who can see past posts". Mpangilio wa menyu hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo ni rahisi zaidi kuandika maneno hayo kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya ukurasa wa mipangilio. Mstari ukifunguliwa hutokea kitufe cha "Limit Past Posts", kisha onyo, kisha kitufe cha kuthibitisha. Kazi imekwisha, hata kama posti ni elfu tatu.

Kinachofanyika ndani ni kidogo kuliko jina linavyodokeza. Posti zilizokuwa wazi kwa watu wote, au kwa marafiki wa marafiki, hugeuka kuwa za marafiki tu. Zile ambazo mwenyewe alikuwa amezibana zaidi, mathalani kwa kufuli, hubaki zilivyo. Hakuna posti inayofutwa, na wala hakuna inayofichwa kwa marafiki. Mtu mwenye marafiki elfu nne, na Facebook huruhusu hadi elfu tano, bado ana kadamnasi ya kutosha kujaza uwanja mdogo wa mpira. Humo hukaa bosi wa sasa, mchumba wa zamani, shemeji, na watu waliokubaliwa kwa sababu tu majina yao yalionekana ya nyumbani.

Viko pia vitu ambavyo kitufe hakivifikii kabisa. Maoni yaliyoandikwa chini ya posti ya mtu mwingine hufuata alama ya mwenye posti ile. Picha iliyopandishwa na rafiki akamtagi mtu ni mali ya rafiki huyo. Hata posti ya mwenyewe, kama alimtagi mtu, inaweza kuendelea kuonekana kwa aliyetagiwa na marafiki zake. Picha ya utambulisho inayotumika sasa na ile pana ya juu ya ukurasa hubaki wazi kwa wote. Na kwa vile kitufe hushughulikia yaliyopita tu, alama ya posti zijazo hubadilishwa mahali pengine. Asiyeibadilisha huanza kurundika upya siku hiyohiyo.

Tatizo kubwa la njia hii ni kwamba haina kurudi nyuma. Hakuna kitufe cha kurejesha hali ya awali. Anayejuta hulazimika kufungua posti mojamoja na kuirudishia alama ya dunia. Hili huwauma zaidi wafanyabiashara wadogo. Fundi cherehani anayeuza kupitia akaunti yake binafsi, bila ukurasa wa biashara, huwa na miaka ya picha za magauni zinazovuta wateja asiowajua. Akibonyeza kitufe hicho kwa sababu ya posti kumi za aibu, magauni nayo hutoweka machoni pa wateja hao.

Njia ya pili, kufuta, hupitia orodha ya "Activity log", ambamo matendo yote ya akaunti yamepangwa kwa mwaka na kwa aina. Posti iliyofutwa huondoka pamoja na maoni na alama za kupenda zilizokuwa chini yake, na hakuna rafiki anayeiona tena. Ni kazi ya kuchosha, na kwa anayenunua bando kwa siku ni kazi ya gharama pia, kwa sababu kila mwaka unaofunguliwa hupakia picha zake. Tangu Juni 2020 Facebook imepunguza adha hiyo kwa kuruhusu kuchagua posti nyingi na kuzishughulikia pamoja. Zinazochaguliwa zinaweza kupelekwa kwenye hifadhi ambayo mwenyewe peke yake huiona, au kwenye kapu la taka. Katika kapu hukaa siku 30, muda wa kutosha kubadili mawazo, kisha hufutika.

Hifadhi hiyo ndiyo inayosahaulika, ilhali kwa wengi ndiyo jibu. Hufanya kile ambacho watu hudhani kitufe cha mkupuo kinafanya, yaani kuficha kwa kila mtu, na posti inaweza kurudishwa wakati wowote.

Chukua mwalimu anayeomba kazi katika shule nyingine, mwenye akaunti ya tangu 2010 na posti zipatazo elfu mbili. Akianza kufuta mojamoja atakata tamaa kabla hajafika 2012, na zilizo mbaya zaidi huenda ziko mbele. Akibonyeza kitufe tu, mwajiri asiye rafiki yake hataona kitu, lakini mwalimu mwenzake aliye rafiki na anayefanya kazi shule hiyo ataona vyote. Kwa hiyo hubonyeza kwanza, akafunga mlango wa nje kwa dakika mbili. Kisha hufungua orodha na kusoma ile miaka anayoikumbuka kuwa ya makelele, labda ya chuo na ya uchaguzi, akipeleka taka yale ambayo hata rafiki hapaswi kuyaona, kama vile matusi na namba za watu, na kupeleka hifadhini yale ya aibu tu. Picha alizotagiwa na wengine hujiondolea jina, au humwomba mwenye picha aishushe.

Mwisho hukagua. Kwenye ukurasa wa akaunti, nyuma ya vile vidoti vitatu, kuna "View as", inayoonyesha ukurasa kama mgeni anavyouona. Kama magauni, matusi au sherehe bado yapo, kuna alama ya dunia iliyosalia mahali fulani, mara nyingi kwenye picha za zamani za utambulisho, ambazo hubadilishwa moja baada ya nyingine.

Picha ya skrini iliyokwisha kupigwa na mtu mwingine haiguswi na njia yoyote kati ya hizi. Kwa yaliyobaki, kitufe cha mkupuo kinafaa dhidi ya wasiojulikana, na kufuta kunafaa dhidi ya marafiki. Anayeuza vitu kwa akaunti yake binafsi asikiguse kitufe hicho, afute zile posti kumi kwa mkono.