Marahaba Bila Shikamoo: Salamu Isiyouliza Kitu

Darasani tumezoea kusema kwamba lugha ni chombo cha kupashana habari. Likizo iliyopita, pale stendi ya Korogwe, niligundua kwamba maelezo hayo hayatoshi.

Nilikuwa nakwenda Handeni, tena nimechelewa. Nikamkuta mzee mmoja ameketi kwenye benchi, nikamwuliza moja kwa moja: "Basi la Handeni limeshaondoka?"

Mzee akanitazama. "Marahaba," akajibu.

Nikadhani hakusikia, nikarudia swali. "Marahaba, mwanangu," akasema tena, taratibu. Hapo ndipo aibu iliponishika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Bado halijaondoka, lile pale linapakia."

Hebu tuchambue. Mzee alikuwa na jibu langu tangu mwanzo; alichodai hakikuwa habari. Shikamoo haiulizi kitu. Aghalabu huelezwa kuwa imetokana na "nashika miguu", yaani ni tendo la heshima, si swali. Tena ina mwenzake, marahaba. Mtu akiitoa nusu ya pili peke yake, nusu ya kwanza inabaki deni, na kila anayesikia anajua mdaiwa ni nani.

Usemi wa namna hii Bronislaw Malinowski aliuita wa kifatiki mwaka 1923: maneno yanayofunga uhusiano baina ya watu badala ya kupeleka fikra. Mwaka 1960 Roman Jakobson aliiweka dhima hiyo miongoni mwa dhima sita za lugha, akisema kazi yake ni kufungua njia ya mawasiliano na kuhakikisha iko wazi. Mimi nilitaka kupita kabla njia haijafunguliwa.

Je, salamu zenye sura ya swali? Nilipofika Handeni niliuliza, "Hamjambo hapa?" Shangazi akajibu, "Hatujambo, ila babu yako anaumwa." Asije mtu akasema shangazi alijipinga. "Hatujambo" ilikamilisha salamu; "ila" ndiyo iliyoanza habari. Ndiyo maana anayeulizwa "habari za leo?" akajibu papo hapo "mbaya" huwashtua watu: ameijibu salamu kana kwamba ni swali.

Lakini tusivuke mpaka. Kesho yake jirani alipouliza, "Habari za mgonjwa?", hakuna aliyejibu "nzuri" kwa mazoea. Alikuwa anajua kuna jambo, na alisimama kusubiri maelezo. Maneno ni yale yale ya "habari za", ila hili lilikuwa swali kweli.

Kwa hiyo sisi wahakiki tusikimbilie kusema kwamba salamu katika tamthilia ni maneno ya kujazia ukurasa. Mhusika kijana akiingia kwa mzee na kuanza na shida yake, ugomvi umekwishaanza hata kabla shida yenyewe haijatajwa.