Lazima, Yafaa, Yaweza, Siyo Safari Hii: Namna ya Kupanga Mahitaji ya Mradi

Kila mradi huanza na orodha ya mahitaji, na aghalabu orodha hiyo huwa ndefu kuliko muda uliopo. Wahusika wakiulizwa ni jambo gani lililo muhimu, kila mmoja hujibu kuwa lake ndilo muhimu. Basi kazi huanzishwa pande zote kwa pamoja, na siku ya mwisho inapofika yako mambo mengi yaliyofikia nusu, wala hakuna hata moja linalotumika. Makala haya yanaeleza njia nyepesi ya kuepuka hali hiyo, ambayo mwalimu na wanafunzi wake wanaweza kuijaribu kwa ubao na chaki tu.

Njia yenyewe ilitokana na kazi ya kutengeneza programu za kompyuta. Mwaka 1994 Dai Clegg, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Oracle nchini Uingereza, aliyagawa mahitaji ya mradi katika makundi manne. Baadaye mgawanyo huo uliingizwa katika utaratibu wa kuendesha miradi uitwao DSDM. Herufi za kwanza za makundi hayo kwa Kiingereza ni M, S, C na W. Zikatiwa o mbili katikati ili zitamkike, na jina likawa sawa na la mji mkuu wa Urusi, Moskow.

Kwa Kiswahili tunaweza kuyaita makundi hayo hivi. Kundi la kwanza ni Lazima: mambo ambayo pasipo hayo mradi hauna maana. La pili ni Yafaa: mambo makubwa ambayo yakikosekana yataleta usumbufu, lakini kitu kilichotengenezwa kitatumika. La tatu ni Yaweza: mambo yanayopendeza, ambayo kukosekana kwake hakuleti hasara kubwa. La nne ni Siyo Safari Hii: mambo ambayo wote wamekubaliana kwamba hayatafanywa katika kipindi hiki.

Msingi wa njia hii ni kwamba muda na nguvu za kazi havibadiliki. Kinachoruhusiwa kupungua ni idadi ya mahitaji. Kwa hiyo inafaa zaidi pale ambapo siku ya mwisho haiwezi kusogezwa.

Tuchukue mfano wa shule ya sekondari inayotaka kukinga maji ya mvua kutoka paa la jengo moja la madarasa. Masika yataanza baada ya majuma 8. Fundi na msaidizi wake hufanya kazi siku 5 kwa juma, kwa hiyo zipo siku 40 za kazi. Mvua haimngoji mtu. Tangi lisipokuwa tayari, maji yatapotea.

Mahitaji yalipoorodheshwa na kukadiriwa, yalikuwa hivi: kujenga tangi, siku 12, kubadilisha ubao uliooza ukingoni mwa paa, siku 2, kufunga mifereji na bomba la kushusha maji, siku 5, koki na bomba la kutolea maji yanayozidi, siku 2, kifuniko chenye wavu, siku 3, kifaa cha kutenga maji machafu ya mwanzo wa mvua, siku 3, sakafu ya zege chini ya koki, siku 5, bomba la kufikisha maji jikoni, siku 5, kipimo cha kina cha maji, siku 1, kupaka rangi, siku 2, pampu na bomba hadi bwenini, siku 8, na tangi la pili, siku 14. Jumla ni siku 62. Kwa hiyo yapo mambo ya siku 22 ambayo hayana nafasi, hata kazi ikienda vizuri kabisa.

Sasa ni kupanga. Asiulizwe mtu kama jambo lake ni muhimu, kwa kuwa jibu linajulikana. Aulizwe hivi: “Jambo hili lisipokuwapo siku ya mwisho, itakuwaje?” Jibu likiwa kwamba hakuna haja ya kuendelea na mradi, au kwamba watu watadhurika, jambo hilo ni Lazima. Likiwa kwamba ipo njia nyingine, hata kama ni ya taabu, basi si Lazima.

Mwalimu wa afya alitaka kifaa cha kutenga maji ya kwanza kiwe Lazima, kwa kuwa maji hayo hubeba vumbi na vinyesi vya ndege. Fundi akamjibu, “Mwalimu, mwanafunzi wa zamu anaweza kuligeuza bomba kando kwa mkono mvua inapoanza.” Ni taabu, lakini inawezekana, kifaa kikawekwa katika Yafaa. Kifuniko, kinyume chake, kilibaki Lazima, kwa maana tangi lililo wazi ni zalio la mbu na hatari kwa watoto.

Ubao wa ukingoni ulitoa fundisho jingine. Kwanza uliwekwa pamoja na rangi, kana kwamba ni pambo. Fundi akaeleza kwamba mifereji hupigiliwa kwenye ubao huo. Jambo ambalo Lazima inalitegemea haliwezi kuwa chini ya Lazima. Basi ubao ukapandishwa.

Hatimaye Lazima ikawa na tangi, ubao, mifereji, koki pamoja na bomba lake, na kifuniko: siku 24. Yafaa ikawa na kifaa cha kutenga maji na sakafu: siku 8. Yaweza ikawa na bomba la jikoni, kipimo na rangi: siku 8. Pampu na tangi la pili vikaandikwa Siyo Safari Hii.

Siku 24 ni asilimia 60 ya siku 40, nao ndio upeo unaoshauriwa na DSDM kwa kundi la Lazima. Yaweza hukadiriwa kuwa kiasi cha asilimia 20. Sababu yake yaonekana kazi inapokwama. Tuseme saruji imechelewa na siku 7 zimepotea. Bomba la jikoni na rangi, ambavyo ni siku 7, vinaachwa; mengine yote yanakamilika. Hata kazi za Lazima zikizidi makadirio kwa siku 16, yaani theluthi mbili, tangi litakinga maji. Lakini kama mambo yote ya siku 40 yangeitwa Lazima, siku moja tu ikipotea ahadi ingekuwa imevunjika.

Hapo ndipo panapojulikana kama njia imetumiwa vibaya. Lazima ikipita asilimia 60, ama swali halikuulizwa kwa ukali, ama mradi ni mkubwa kuliko muda wake. Kundi la nne likiwa tupu, yaelekea kuna jambo ambalo mtu mmoja analitarajia na mwingine hana habari nalo. Tena ijulikane kwamba njia hii haisemi ni lipi litangulie ndani ya kundi moja, wala haisahihishi makadirio mabaya ya siku.

Orodha ya nne isifutwe. Baada ya masika shule itakuwa na hesabu ya siku ambazo maji ya tangi la kwanza yalitosha, na kwa hesabu hiyo swali litaulizwa upya. Tangi la pili, lililokataliwa mwaka huu, laweza kuwa Lazima ya mwaka ujao. Na pampu yaweza kuonekana kuwa haihitajiki kabisa.